Marupurupu ya mazingira magumu: ni nani anayeupima ugumu?

Juzi, muda mfupi kabla ya kufunga kliniki yangu hapa Kibera, aliingia mama mmoja wa miaka 36 aliyekuwa amebeba mfuko wa safari. Alikuwa ameshuka basi asubuhi hiyo kutoka Turkana, na kabla hata hajalala alikuwa amepitia kwa mamake Kibera, akaachia watoto huko, akaja kuniona. Alilalamika kwamba kichwa kilikuwa kikimgonga kwa nyuma tangu wiki tatu zilizopita. Nilipompima presha nilipata 190 kwa 110. Nikampumzisha robo saa, nikapima tena mkono wa pili, ikawa 188 kwa 108.

Namjua mama huyu tangu zamani. Presha yake ilianza wakati wa mimba ya pili na haikushuka alipojifungua. Alipokuwa mwalimu katika shule ya umma hapa Nairobi tulikuwa tumeidhibiti vizuri kwa vidonge viwili kwa siku. Mapema mwaka 2022 alihamishwa hadi shule ya msingi ya mashambani Turkana, mbali na barabara ya lami. Nilimuuliza kama alikuwa akimeza dawa. Akainama kidogo, akasema, "Daktari, sitakudanganya. Kile kidonge cha kukojoza nilikiacha. Kilikuwa kinanipa kizunguzungu mbele ya darasa. Na kile kingine nameza siku moja, naruka siku moja, ili kifike mwisho wa mwezi."

"Lakini mwalimu," nikamwambia, "si huko mnalipwa marupurupu ya mazingira magumu?"

Alicheka, ingawa hakuwa na furaha. Kisha akatoa karatasi yake ya mshahara mfukoni, tukaketi tukaisoma pamoja. Yale niliyojifunza jioni hiyo, na yale niliyoyakumbuka kutokana na miaka yangu mwenyewe ya kutumikia kaskazini, ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Wengi wetu tunaoishi mjini husikia tu kwamba walimu na wauguzi wa mbali "wanaongezwa pesa". Ni wachache wanaojua pesa hizo hupangwa vipi.

Ramani na ngazi

Marupurupu haya hupangwa kwa maswali mawili. La kwanza: je, mahali unapofanya kazi pamo katika orodha ya maeneo yenye mazingira magumu? La pili: uko katika ngazi gani ya kazi? Mtumishi akishajibiwa maswali hayo mawili, kiasi chake kimepatikana. Hakuna anayeuliza maji yako unayanunua kwa bei gani, wala hospitali iliyo karibu nawe iko umbali gani.

Tuanze na orodha. Kaunti nzima za Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir, Garissa, Samburu na nyingine za maeneo kame zimo. Kwingineko, sehemu tu ya kaunti ndiyo inayohesabiwa. Eneo huingia kwenye orodha kwa kuangaliwa mambo kama upatikanaji wa chakula na maji safi, usafiri na mawasiliano, huduma za jamii, hali ya hewa, usalama na umaskini. Vipimo hivyo ni vya busara, na mimi kama daktari sina ugomvi navyo. Ugumu unaanza pale ambapo matokeo yake huwekwa juu ya mipaka ya utawala. Ukiwa ndani ya mpaka unalipwa, na ukiwa nje hulipwi chochote, hata kama shule yako na ya mwenzako zinatazamana kuvuka bonde moja na walimu wa zote mbili wanachota maji katika kisima kimoja.

Ndani ya mpaka nako, wote huwa sawa. Mji wa Lodwar una hospitali ya rufaa ya kaunti, benki, maduka ya dawa na uwanja mdogo wa ndege. Mwalimu anayefundisha mjini Lodwar na mwalimu mwenzake wa ngazi ileile anayefundisha katika kijiji ambacho gari hufika mara mbili kwa wiki, wote wawili hupewa kiasi kilekile. Kwenye karatasi wanaishi Turkana. Lakini daktari akiwauliza, "Ukipatwa na uchungu wa kuzaa usiku, utafika kwa mpasuaji baada ya saa ngapi?" watampa majibu mawili tofauti kabisa.

Swali la pili ni lile la ngazi. Zamani marupurupu ya walimu yalihesabiwa kwa asilimia ya mshahara wa msingi, kama ilivyokuwa katika makubaliano ya mwaka 1997, yale ambayo utekelezaji wake uliwatia walimu katika mgomo wa zaidi ya wiki tatu mwaka 2013. Mkataba wa pamoja ulioanza kutumika Julai 2017 kati ya Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, na vyama vya walimu uliweka viwango maalumu vya shilingi kwa kila ngazi. Mwalimu wa ngazi ya B5, ambayo ndiyo ya chini kabisa, aliwekewa shilingi 6,600 kwa mwezi. Mwalimu mkuu wa ngazi ya D5, yule anayesimamia shule kubwa kabisa za sekondari, aliwekewa shilingi 38,100.

Hebu msomaji alitafakari hilo kidogo. Mtungi wa maji hauulizi ngazi ya anayeununua. Jua la Turkana halimpunguzii makali mwalimu wa B5 kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Lakini ugumu wa mmoja umekadiriwa kuwa karibu mara sita ya ugumu wa mwingine, na mara nyingi yule anayelipwa zaidi ndiye aliye katika shule kubwa karibu na mji. Simlaumu mwalimu mkuu huyo, kwa maana kazi yake ni nzito na haki yake ni haki yake. Ninachosema ni kwamba pesa hizi, kwa jinsi zilivyopangwa, ni kama nyongeza ya cheo iliyovishwa jina la ugumu.

Hesabu ya mwalimu mmoja

Sasa turudi kwa mgonjwa wangu. Yeye ni wa ngazi ya B5. Aliajiriwa na TSC baada ya kungoja miaka mingi tangu amalize chuo, kama ilivyo kwa walimu wengi, na ndiyo sababu akiwa na miaka 36 bado yuko chini ya ngazi.

Alipohamishwa aliambiwa ataongezwa shilingi 6,600, na zikaongezwa kweli. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba marupurupu ya nyumba nayo hupangwa kwa ramani, ila ramani hiyo imepinduliwa. Kwa sababu nyumba za mjini ni ghali, mwalimu wa Nairobi hupewa zaidi kuliko wa mashambani. Kwa jedwali lililokuwa likitumika alipohama, mwalimu wa B5 aliyekuwa Nairobi alipata shilingi 6,750 za nyumba. Aliyekuwa katika kundi la mwisho, yaani mashambani, alipata 3,200. Kwa hiyo mkono mmoja ulimpa 6,600 na mkono mwingine ukamnyang'anya 3,550. Kilichobaki ni shilingi 3,050, kabla ya kodi na makato mengine.

Nyongeza ya mkataba ya mwaka 2023 iliinua kidogo marupurupu ya nyumba ya mashambani, hivyo pengo hilo limepungua. Hata hivyo njia ya kuhesabu ni ileile, na kila anayehamishwa kutoka Nairobi inafaa aifanye hesabu hii kabla ya kupakia virago.

Tuliandika matumizi yake kwenye karatasi niliyokuwa nikiandikia dawa. Anaishi na watoto wawili. Kisima cha shule kina maji ya chumvi yanayofaa kufua tu, kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia hununua kwa kijana mwenye punda, shilingi 30 kwa mtungi wa lita 20. Mitungi mitatu kwa siku ni shilingi 90, na kwa mwezi ni 2,700. Dawa zake hazipo katika zahanati ya kijiji, kwa hivyo mara moja kwa mwezi hupanda pikipiki hadi mjini na kurudi kwa shilingi 1,200. Dawa zenyewe zilimgharimu kama 450. Jumla ni shilingi 4,350.

Kwa hiyo maji na presha peke yake vilikuwa vimemeza ile 3,050 na kudai 1,300 zaidi. Hatujagusa nauli ya kuja Nairobi kuona mama yake mgonjwa, safari ya zaidi ya kilomita 600. Msomaji atafahamu sasa kwa nini alianza kumeza dawa siku moja na kuruka siku ya pili. Alikuwa mtu anayejua afya yake, akifanya hesabu ileile tuliyoifanya sisi, ila yeye aliifanya peke yake, na mahali alipopata pa kupunguza ni kwenye vidonge.

Ugumu unavyoingia mwilini

Hapa nataka kueleza jambo la kitabibu, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kwamba "mazingira magumu" si maneno matupu ya karatasi za serikali.

Moja ya dawa zake mbili ilikuwa ya kukojoza. Dawa hii hushusha presha kwa kuzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi. Hapa Nairobi, ambako kuna baridi na maji yapo, ilimfaa sana. Alipofika Turkana, jua la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mwili hupoteza maji na chumvi nyingi kwa jasho. Juu ya hayo, maji ya kunywa yalikuwa ya kununua, na kama mama yeyote, aliwapa watoto kwanza. Kwa hiyo maji yaliondoka kwa njia mbili, kwa jasho na kwa dawa, na yaliyorudi yakawa machache. Mtu wa namna hiyo akisimama ghafla damu haifiki kichwani ya kutosha, naye huona giza na kizunguzungu. Mwalimu alidhani dawa imekuwa mbaya, akaiacha. Kwa kuiacha kizunguzungu kikapona, na presha ikapanda kimyakimya hadi kichwa kilipoanza kugonga.

Presha ya 190 kwa 110 ikikaa hivyo miezi na miaka huharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo. Kiharusi hakipigi hodi. Na kama kingempata kule, hesabu ya saa za kufika hospitali ndiyo ingeamua kama ataamka akiweza kuzungumza.

Nilimbadilishia matibabu. Niliiondoa ile dawa ya kukojoza, nikamwacha kwa amlodipini, ambayo humezwa mara moja kwa siku na haiuondoi mwilini maji. Nikamwambia arudi baada ya juma moja, kabla likizo haijaisha, ili tuone kama kipimo kimoja kinatosha au tuongeze dawa nyingine inayofaa joto. Halafu nikamwandikia dawa za miezi mitatu badala ya mwezi mmoja. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia hana haja ya kumwona daktari kila mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaruhusu miezi 3 hadi 6. Kwa kuandika miezi mitatu tu, nilimwondolea safari mbili za pikipiki kati ya tatu, yaani shilingi 2,400. Ilinisikitisha kuona kwamba kalamu yangu ingeweza kumsaidia hivyo tangu 2022, lau ningemuuliza tu anakokwenda ni wapi.

Mwuguzi wa jirani

Katika mazungumzo yetu mwalimu alimtaja mwuguzi wa zahanati ya kijiji, ambaye huendesha zahanati hiyo peke yake usiku na mchana. Nilimkumbuka mwuguzi mwingine wa namna hiyo niliyefanya kazi naye zamani.

Nilipomaliza mwaka wa mafunzo ya vitendo nilitumwa kaskazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Barua ya kunituma ilisema nitalipwa marupurupu ya mazingira magumu. Miezi mitano ilipita bila kuyaona. Kumbe hayaanzi siku unayopewa barua. Huanza siku unayoripoti kazini, na ushahidi wake ni fomu inayotiwa sahihi na mkubwa wa kituo na kupelekwa kwa mwajiri. Fomu yangu ilikuwa imelala kwenye faili. Mwuguzi aliyekuwa pale kabla yangu ndiye aliyenifundisha kuifuata karatasi hiyo kama mtu anayefuata ng'ombe aliyepotea. Yeye mwenyewe aliwahi kupatwa na kinyume chake: alihamishwa, akaendelea kulipwa miezi kadhaa kwa makosa, kisha pesa hizo zikakatwa mshaharani mwake.

Siku hizo mimi na yeye tulikuwa wa wizara moja. Tangu mwaka 2013, huduma za afya zilipogatuliwa, mwuguzi wa zahanati ni mwajiriwa wa kaunti, na mwalimu amebaki kuwa wa TSC. Kwa hivyo katika kijiji kimoja kuna waajiri wawili, na kwa muda mrefu kumekuwa na orodha mbili za maeneo: ya walimu na ya watumishi wengine wa umma. Katika kaunti kama Turkana jambo hili halionekani, kwa sababu eneo lote limo katika orodha zote. Huonekana katika maeneo ya pembeni, ambapo mwalimu anaweza kulipwa na mwuguzi aliyemzalisha mkewe asilipwe, au kinyume chake. Juu yao wote ipo Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa na Katiba ya 2010, ambayo ndiyo inayopaswa kuidhinisha au kushauri juu ya malipo hayo.

Kamati ya pamoja ya idara za serikali ilipewa kazi ya kuzisawazisha orodha hizi, na ripoti yake ilikuwa tayari mwaka 2019. Ilipendekeza maeneo yawekwe katika makundi mawili, yale yenye ugumu uliokithiri na yale yenye ugumu wa wastani, na baadhi ya maeneo yaondolewe kwenye orodha kwa kuwa yamepata barabara, umeme na huduma. Ripoti ilikaa miaka. Mwaka 2025 Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi aliliambia Bunge kwamba serikali ingeitekeleza, na kwamba ingeokoa kama shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Vyama vya walimu na wabunge wa maeneo yaliyoguswa walipiga kelele, na Juni mwaka huohuo utekelezaji ukasimamishwa ili mashauriano zaidi yafanywe.

Msomaji asiye mwalimu anaweza kuona kwamba walimu ni wabishi tu. Kama lami imefika, kwa nini walipwe? Hoja hiyo ina ukweli. Lakini aliyezoea kulipwa 6,600 kila mwezi amekwisha kuchukua mkopo wa chama cha akiba kwa kutegemea pesa hizo. Na kwa kuwa mpaka unachora eneo zima kwa kalamu moja, lami ikipita katikati ya eneo humwondolea pia yule aliye kilomita 40 kutoka lami hiyo. Ni dosari ileile ya ramani, safari hii ikiwa imegeuka upande wa pili.

Je, kuna njia nyingine?

Ipo. Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, mwaka 2006 ilianza kuwapa walimu nyongeza kwa kuangalia shule moja moja. Shule iliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu iliingia katika mpango, na walimu wake waliongezwa kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara. Mtu yeyote angeweza kupima kwa gari na kujua shule fulani imo au haimo. Watafiti walipolinganisha shule zilizo karibu na mstari huo wa kilomita 3, upande huu na ule, walipata kwamba sehemu ya walimu wenye vyeti iliongezeka kwa kama pointi 10 katika kila 100. Hilo si dogo. Lakini kwa wastani alama za watoto hazikupanda. Pesa ziliweza kumfikisha mwalimu shuleni, ila hazikutosha kubadilisha yale yanayotendeka darasani.

Zambia nayo mwaka 2003 ilianzisha mpango wa kuwabakiza madaktari katika wilaya za mbali. Daktari alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu, akalipwa zaidi kadiri wilaya yake ilivyo mbali, na pamoja na pesa alipata msaada wa karo za watoto, nafasi ya mkopo, na nyumba yake ikatengenezwa. Nikikumbuka miaka yangu kaskazini, ningechagua nyumba yenye tangi la maji na ahadi ya kurudi masomoni baada ya miaka mitatu kuliko nyongeza yoyote ya shilingi. Ahadi ya namna hiyo haipandi na kushuka kwa ngazi. Mwuguzi wa chini na daktari mkuu wote hunywa kutoka tangi hilohilo.

Na yapo mambo ambayo pesa haziwezi kuyanunua hata kidogo. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa na magaidi na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Mapema 2015 mamia ya walimu wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki. Marupurupu yao hayakuwa yamepunguzwa hata senti moja. Usalama umo katika vipimo vya ugumu, kweli, lakini kulipwa kwa ajili ya hatari si sawa na kulindwa dhidi ya hatari.

Kwa anayetumwa, na kwa anayemtibu

Kwa vile kurasa hizi ni za afya, nimalizie na yale yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Ukipata barua ya uhamisho, uliza kwanza kama kituo chako kipya kimo katika orodha ya mwajiri wako. Usitosheke na kusikia kwamba "wilaya hiyo inalipwa". Toa tofauti ya marupurupu ya nyumba katika nyongeza utakayopewa, na ukumbuke kwamba kodi hukatwa katika jumla yote. Kumbuka pia kwamba pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Marupurupu haya hayatakufuata uzeeni. Ukifika, hakikisha fomu ya kuripoti imetiwa sahihi siku hiyohiyo, na ubaki na nakala yake. Ukiondoka, hakikisha yamesimamishwa, la sivyo utayalipa.

Kama una presha, kisukari, pumu, kifafa au ugonjwa wowote wa dawa za kila siku, mwone daktari wako kabla ya kusafiri na umwambie unakwenda wapi, maji yakoje na hospitali iko umbali gani. Omba akuangalie upya kila dawa kwa ajili ya joto, na akuandikie ya miezi mitatu. Zihifadhi mahali penye kivuli, si juu ya kabati chini ya mabati. Ukianza kuona kizunguzungu usiache dawa kimya, bali pimwe presha ukiwa umekaa na tena ukiwa umesimama, na zahanati yoyote yenye mashine inaweza kukufanyia hivyo. Ugonjwa ukizidi uwezo wa eneo, una haki ya kuomba uhamisho kwa sababu za kiafya, na barua ya daktari yenye vipimo vya tarehe mbalimbali ina uzito kuliko ile inayosema tu kwamba "hajisikii vizuri".

Mwalimu wangu alirudi baada ya juma moja. Presha ilikuwa 158 kwa 96. Tuliongeza kipimo kidogo, na siku nne kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa 142 kwa 90. Nilimuuliza kama angependa nimwandikie barua ya kuomba arudishwe Nairobi. Alifikiri kwa muda.

"Bado, daktari," akasema. "Nikirudi, marupurupu ya mazingira magumu yataondoka, na kwa yale ya nyumba sitapata nyumba Nairobi. Nitakuja kukaa hapahapa Kibera kwa mama. Na darasa langu lina watoto 70, na mimi nikiondoka watakaa muhula mzima wakingoja mwingine."

Alipanda basi la jioni akiwa na pakiti tatu za dawa ndani ya mfuko wa nguo, katikati, mbali na joto la dirisha.